Udhu wa vitendo darasa la pili: mipaka ya kiungo kwanza, nguzo baadae

"Asalam aleykum maalim. Nafundisha dini darasa la pili, watoto 40, kipindi dakika 35, bomba hatuna ila napata ndoo mbili za lita 20. Nguzo za udhu wanazitaja zote sita bila kukosea, lakini nikiwatazama wakitawadha visigino vikavu, viwiko vikavu, wengine wanajimwagia maji kichwani kama wanaoga. Nifanyeje somo la vitendo liwakae, na maana yake niwaelezeje wasichoke?"

Waaleykum salaam mwalimu wangu. Watoto wako wala hawajasahau kitu, kinachowapoteza ni neno "mkono". Hebu fikiria, mtoto tangu ajue kuongea anaambiwa "kanawe mikono ule", na akienda ananawa viganja, maji yakifika kwenye kifundo cha mkono basi kamaliza na hajakosea. Sasa wewe leo unamwambia nguzo ya tatu ni kuosha mikono miwili, kichwani kwake inakuja picha ya kula. Na mguu hivo hivo, kwetu mguu ni kuanzia pajani mpaka kwenye kidole, ukimwambia osha mguu anamwaga maji kwenye goti yanateremka yanapita mbele ya mguu, kisigino kule nyuma hakijapata tone. Alafu uso, mtoto akinawa uso asubuhi anafuta macho na mdomo basi. Maneno yote matatu anayajua tayari kwa maana nyingine, ndo maana anataja nguzo sita fasaha na udhu wake haujatimia.

Aya yenyewe imelimaliza hilo, Al-Maida aya ya 6, imesema osheni nyuso zenu, na mikono yenu mpaka kwenye viwiko, na mpake vichwa vyenu, na miguu yenu mpaka kwenye vifundo viwili. Ona palipohitaji mpaka pamewekwa mpaka. Kwahiyo somo lako la kwanza lisiwe nguzo wala dua, liwe mipaka, na lifanyike pakavu bila hata tone la maji.

Nifanyavyo mimi ni hivi. Nawasimamisha, nasema weka kidole mwisho wa mkono wa udhu. Nusu ya darasa watashika kifundo cha mkono, usiwakemee, wewe kunja mkono wako waone ile ncha ya kiwiko, waambie udhu unafika hapa na unapita kidogo, na wao wakunje waishike ile ncha kwa kiganja kizima. Kiwiko kinaingia ndani ya kuosha, hakibaki nje, ndo maana tunapitiliza kidogo kuelekea juu. Kisha mguu, wainame washike yale mafupa mawili yaliyochomoza kulia na kushoto ya mguu, wengi hawajui hata kama hayo ndo yanaitwa vifundo, alafu wateremshe mkono nyuma wakishike kisigino na ule mshipa mgumu ulio juu yake. Uso wapitishe kidole kuanzia nywele zinapoanza juu ya komwe, washuke pembeni kwenye sikio, wapite chini ya taya mpaka kidevuni, wapande upande wa pili mpaka walipoanzia. Ile duara ndo uso. Wakirudia mara tatu nne huku wanacheka (watacheka tu, kuna watakaojitekenya chini ya taya) umeshamaliza sehemu ngumu na huna hata sakafu iliyolowa.

Hiyo ikuchukue dakika kumi hivi. Dakika zinazobaki za kipindi cha kwanza tawadha wewe mbele yao, mwanzo mpaka mwisho, kimya. Nasema kimya kwa sababu walimu wengi hapa ndo wanaharibu, mtu anaosha mkono huku anaeleza, mara anamuuliza mtoto nguzo ya ngapi hii, mara anamkemea wa nyuma, basi mtoto anasikiliza maneno na mkono hauangalii. Sayyidna Uthman bin Affan (r.a.) alitaka kuwaonesha watu udhu wa Mtume (s.a.w.), akaagiza chombo cha maji akatawadha mbele yao, akanawa viganja mara tatu, akasukutua, akapandisha maji puani na kuyatoa, uso mara tatu, mikono mpaka kwenye viwiko mara tatu, akapaka kichwa, akaosha miguu mara tatu, alipomaliza ndo akasema amemuona Mtume akitawadha mfano wa udhu wake huu. Hadithi iko Bukhari na Muslim. Kwanza vitendo vyote, maneno nyuma. Mimi nimeiga hivo na darasa linatulia ajabu, maana watoto wamezoea mwalimu anayeongea, akinyamaza wanajua kuna kitu cha kuangalia.

Baada ya kumaliza waulize waliona nini, wasikupe nguzo, wakupe walichokiona. Mmoja atasema "umeosha mkono mara mbili", na huyo ndo umemsubiri, mshike hapo hapo.

Maana kosa ambalo silioni likitajwa sana ni hili. Mwanzo wa udhu tunaosha viganja, ile ni sunna, inakuja kabla ya uso. Mtoto anaosha viganja, anasukutua, anapandisha maji puani, ananawa uso, alafu akifika kwenye mikono anaanzia kwenye kifundo cha mkono kupanda kwenye kiwiko, viganja anaviacha kwasababu kwa akili yake ameshaviosha. Hata watu wazima wanafanya, wewe kaa tu uangalie watu wakitawadha. Na ile nguzo ni mkono mzima kuanzia ncha za vidole mpaka kiwiko na iwe baada ya uso, lile kosho la mwanzo haliingii kwenye hesabu. Kwa watoto mimi nasema "mkono unaoshwa mara mbili, mara ya kwanza ni kuwakaribisha, mara ya pili ndo udhu", inawakaa.

Sasa tuchukue mtoto mmoja tumfuate mpaka mwisho, maana ukielewa kesi moja nyingine utazipima mwenyewe. Kaosha viganja, kasukutua, pua, uso sawa, mikono kaanzia kwenye vifundo vya mikono akaacha viganja, kapaka kichwa, kaosha miguu lakini kisigino cha kushoto kimebaki kikavu. Anakuja kwako anasema nimemaliza. Arudi wapi? Kwa madhehebu ya Shafi kupanga ni nguzo, yani uso kabla ya mikono, mikono kabla ya kichwa, kichwa kabla ya miguu. Mikono haijatimia, kwahiyo kichwa na miguu alivyofanya baada yake havijasimama bado. Anaosha viganja vile alivyoviruka, alafu anapaka kichwa upya, anaosha miguu yote upya. Uso hauguswi, uko salama. Lakini kama viganja vingekuwa sawa na kilichobaki ni kisigino tu, basi angeosha kile kisigino na yameisha, maana miguu ni ya mwisho hakuna kinachokuja nyuma yake. Hata kama viungo vingine vimeshakauka, kwa Shafi kufuatanisha bila kukatisha ni sunna siyo nguzo. Kwa madhehebu ya Malik na Hanbali kufuatanisha ni lazima, kwahiyo ukiwa na watoto waliosomeshwa hivo nyumbani usiwabishie, waambie tu warudie wote na hakuna aliyepata hasara.

Usiwafundishe watoto hayo maelezo marefu. Hiyo ni yako wewe ya kujua umrudishe mtoto wapi. Yeye mwambie "rudi kwenye viganja, alafu endelea kutokea hapo".

Kipindi cha pili ndo maji. Hesabu yako iko hivi, Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, na mudi ni viganja viwili vya mtu wa wastani vilivyojaa, kwa vipimo vya leo ni kama robo tatu ya lita hivi au pungufu kidogo. Huyo ni mtu mzima. Mtoto wa miaka saba nane nusu lita inamtosha kama ataosha kila kiungo mara moja. Watoto 40 kwa nusu lita ni lita 20, yani ndoo moja, ya pili ni akiba ya wanaorudia. Na kuosha mara moja moja imethibiti, Mtume katawadha mara moja moja, mara mbili mbili na mara tatu tatu, kwahiyo siku ya somo la kwanza waoshe mara moja tu lakini kamili. Mara tatu waje nayo wiki ijayo mkono ukishajua njia. Mtoto ukimwambia tatu siku ya kwanza anahesabu, na akihesabu anaharakisha, anamwaga maji mara tatu sehemu ile ile na kiwiko kinabaki vile vile. Akija kuzidisha juu ya tatu mzuie pia, kuna bedui alikuja kuuliza udhu Mtume akamuonesha tatu tatu akasema atakayezidisha hapo amekosea na amevuka mpaka.

Ndoo isiingizwe mkono. Hili lizingatie sana mwalimu. Kwenye fiqhi yetu ya Shafi maji machache (wanachukulia chini ya kulateni, makadirio yake kama lita 200 hivi) mtu akishanawa uso kisha akauzamisha mkono wake humo bila kunuia kuteka tu, yale maji yanahesabiwa yameshatumika, hayafai tena kutawadhia. Ndoo ya lita 20 iko mbali kabisa na kulateni. Sasa utamfundisha mtoto wa darasa la pili nia ya kuteka? Haiwezekani. Tafuta chupa za plastiki za nusu lita kama kumi hivi, toboa kifuniko matundu matatu kwa msumari wa moto, jaza, na kila mtoto anatawadha kwa chupa yake moja. Maji yanatoka kidogo kidogo, hayamwagiki, anajionea mwenyewe kwamba nusu lita inatosha, na mjadala wote wa maji yaliyotumika umeuzika bila kuutaja. Anayejimwagia kichwani kama anaoga naye atajirekebisha, maana akimaliza chupa kabla ya miguu hapewi nyingine mpaka foleni iishe.

Wapange wawili wawili, mmoja anamimina mwenzake anatawadha, alafu wanabadilishana. Kusaidiwa kumiminiwa hakuna ubaya, Mughira bin Shuuba (r.a.) alimmiminia Mtume maji safarini akatawadha. Na anayemimina ndo mkaguzi, kazi yake ni kuangalia viwiko na visigino vya mwenzake na akiona pakavu anasema. Weka vituo vitano nje ya darasa, siyo ndani, sakafu ikilowa kuna mtu ataanguka tu. Jozi 20 kwa vituo vitano ni mizunguko minne, kila mtoto dakika mbili tatu, jozi moja inakula kama dakika tano hivi mpaka sita, utamaliza kwenye dakika 24 ukiwa umebakiza muda wa kupanga foleni na kujaza chupa. Wasichana watenge vituo vyao na mwalimu wa kike asimame nao, mikono itafunuliwa mpaka juu ya viwiko. Ushungi si lazima uvuliwe, kwa Shafi kupaka hata sehemu ndogo ya kichwa au nywele chache inatosha, aingize vidole vibichi chini ya ushungi juu ya komwe apake pale. Hanafi wanasema robo ya kichwa, Malik na Hanbali kichwa chote, na ukiweza kupaka chote ndo bora kwa wote.

Sasa kipimo, ambacho ndo naona kitakusaidia kuliko vyote. Kabla hawajaanza, mkaguzi ampake mwenzake chaki ya rangi kidogo, alama moja kwenye ncha ya kila kiwiko na moja nyuma ya kila kisigino. Siyo nyingi, mstari mmoja tu. Usoni usipake chaki, itaingia machoni. Akimaliza kutawadha tazameni, chaki ikiwa imebaki kama ilivyokuwa, kavu, maji hayajafika hapo na hakuna ubishi. Ikiwa imelowa imeparaganyika maji yamefika. Anaisugua inatoka, na kama unataka kutuliza moyo anapitisha maji tena mara moja mahali pale. Mara ya kwanza nilipofanya hivi kwenye watoto kama thelathini waliokuwa wanajua nguzo zote kwa moyo nilikuta zaidi ya nusu yao chaki ya kisigino iko palepale imetulia, mpaka wao wenyewe wakaanza kucheka. Uso upime kwa tishu kavu, anaibandika pembeni karibu na sikio na chini ya taya, tishu ikitoka kavu arudi. Ila fanya upesi, na siku ya joto usiitegemee tishu maana ngozi inakauka kabla hujafika.

Baada ya chaki ndo unawasimulia visigino. Walikuwa safarini, wakati wa sala ukawabana, wakawa wanatawadha haraka haraka wanapitisha maji juu juu miguuni, Mtume (s.a.w.) alipowafikia akanadi kwa sauti ya juu, ole wa visigino na moto, mara mbili au tatu. Na Umar (r.a.) kasimulia mtu mmoja alitawadha akaacha mahali kwenye mguu wake padogo kama ukucha, Mtume akamuona akamwambia rudi ukatawadhe vizuri. Hii ya ukucha kwa watoto nairudia sana, naiacha ile ya moto kwa wakubwa kidogo. Mtoto wa miaka saba ukimtisha na moto kesho anatawadha mara sita anakuja analia hajui kama udhu umekubaliwa, nimewaona, na wasiwasi ukimuingia mtoto kuutoa ni kazi kuliko kumfundisha udhu wenyewe. Ukimuonesha ukucha wa kidole chako ukamwambia sehemu ndogo hivi, anaelewa vizuri tu na anakwenda kuitafuta.

Kuhusu wasiwasi, wape kanuni moja, akiwa bado anatawadha akashuku kama ameosha kiungo anaosha, akishamaliza kisha ndo shaka ikamjia anaiacha. Basi.

Nia nayo watoto wanaifanya wimbo, wanapiga kelele nawaitu, nawaitu, wakati wanaosha viganja, alafu kwenye uso hawafikirii kitu. Nia ni moyoni, kutamka kunasaidia tu, na mahali pake pa lazima ni pale maji yanapogusa uso mara ya kwanza. Mwanzoni aseme Bismillahi, na maji yakigusa uso ajiambie kwa lugha yake "natawadha ili nisali". Kwa kichwa aloweshe vidole apake, siyo kumwaga, masikio achukue maji mengine mapya, kidole cha shahada kinaingia ndani na gumba linapita nyuma. Kati ya vidole vya miguu apitishe kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Kulia kabla ya kushoto ni sunna, akisahau akaanza kushoto udhu wake uko sawa, usimrudishe.

Kagua mikono yao kabla. Gundi iliyoganda, nta, utomvu, rangi ya kucha, hivyo vina ganda juu ya ngozi na maji hayapiti, viondolewe kwanza. Wino wa kalamu uliobakisha rangi tu bila ganda hauzuii. Mwenye jeraha lililofungwa siku hiyo awe mkaguzi, mas'ala yake ni marefu na siyo ya kipindi hiki.

Haya, maana. Hapa naomba tukae kidogo kwasababu walimu wengi wanasema udhu ni usafi wakaishia hapo, na mtoto mwerevu anakuangusha kwa swali moja. Atakuuliza, na amini atakuuliza mbele ya darasa zima, "maalim, nikijamba mbona nanawa uso na siyo pale?" Darasa litalipuka. Usimfukuze nje, hilo ni swali zuri kuliko maswali yote ya somo. Hata Abu Huraira (r.a.) aliulizwa hadathi ni nini akajibu wazi kabisa, ni upepo unaotoka kwa sauti au bila sauti, hakuona haya.

Jibu ni kwamba kama udhu ungekuwa usafi wa mwili tu basi mtoto angekuwa na haki, na aliyetoka kuoga sasa hivi kisha upepo ukamtoka asingehitaji kutawadha, na asiye na maji asingeambiwa atayamamu kwa udongo, maana udongo hausafishi uso unauchafua. Uchafu unaoonekana una jina lake, najisi, huo unaoshwa mahali ulipo, ndo maana ukitoka chooni unatawaza kwanza. Hadathi ni hali, haionekani wala haina harufu, ni kama mlango uliofungwa kati ya mtu na sala, na Mwenyezi Mungu ndiye aliyeuwekea funguo: uso, mikono, kichwa, miguu. Ali (r.a.) alisema kama dini ingekuwa kwa rai basi chini ya khofu, yani zile soksi za ngozi, pangestahiki kupakwa kuliko juu yake, na yeye kamuona Mtume akipaka juu. Kwa mtoto nasema hivi, tunafanya kwasababu tumeambiwa na tunayekwenda kusimama mbele yake, yeye ndiye anayejua anataka tumjie vipi. Wanaikubali haraka kuliko unavyodhani, watoto wanajua vizuri habari ya kuambiwa na mkubwa kisha kutii.

Usiwape maana ya kila hatua kumi, watachoka kweli kama ulivyosema. Nachukua moja tu, ile hadithi aliyoipokea Muslim kwamba Muislamu akitawadha akanawa uso yanatoka na maji makosa aliyoyatazama kwa macho yake, akiosha mikono yanatoka makosa yaliyotendwa na mikono, akiosha miguu yanatoka makosa iliyoyaendea. Ila iseme kwa adabu yake. Mtoto mdogo haandikiwi dhambi, kalamu imeinuliwa kwake mpaka abaleghe, kwahiyo usimwambie "dhambi zako zinatoka" akakaa anatafuta dhambi zipi. Nilishamuona mtoto ananawa macho anasugua mpaka yamekuwa mekundu kisa ameambiwa ameangalia kibaya. Mimi nageuza, nauliza leo mkono huu umefanya nini kizuri, na macho haya yasome nini baada ya hapa, miguu hii inakwenda wapi tukitoka. Mmoja atasema nimempiga mwenzangu kwa mkono huu, mwache aseme, na mpe nafasi ya kumuomba radhi mwenzake pale pale kisha aendelee kuosha. Yale maelezo ya dhambi kutoka na tone la mwisho waambie ni ya wakubwa wao na watayakuta.

Kuna vitabu na mabango yana dua ya kila kiungo, dua ya uso, dua ya mkono wa kulia, dua ya mkono wa kushoto, mwalimu anawakaririsha wiki tatu. Imam Nawawi, naye ni Shafi, kwenye Minhaj kaziacha makusudi kasema hazina asili. Huo muda upeleke kwenye visigino. Dua ya baada ya udhu ndo wafundishe, ile shahada, Ash-hadu an laa ilaaha illa Llaah wahdahu laa shariika lah, wa ash-hadu anna Muhammadan abduhu wa rasuuluh, nusu wanaijua tayari, na mwenye kuisema baada ya kutawadha vizuri amefunguliwa milango minane ya pepo aingie autakao. Hiyo milango minane wataipenda kuliko kitu chochote ulichowaambia siku hiyo, mmoja nilimsikia anabishana na mwenzake ataingia mlango wa ngapi.

Wiki ya tatu rudia chaki bila kuwatangazia, wapake tu asubuhi wanaposimama foleni ya kutawadha, na chaki iwe kwenye kisigino peke yake. Wale watakaobaki na mstari hawatozidi wachache, kaa nao wewe mwenyewe pembeni mmoja mmoja, mshike mtoto mkono uupitishe na wake nyuma ya kisigino chake mara mbili tatu, maana kuna watoto hawaendi kwa kuona wala kusikia, wanakwenda kwa kuguswa tu. Na angalia viatu vyao, mwenye kiatu cha kufunga kamba anaacha soksi nusu mguuni anaosha vidole, huyo siyo mzembe, kamba zinamshinda.